Butembo: Asante kwa mgeni anayeondoka, na swali ambalo anaweza kulijibu

Ndani ya muji wa Butembo, jimbo la Kivu ya Kaskazini, kuna nyumba ndogo za wageni karibu kila kartie. Nyingi zina vyumba nane ao kumi, jenereta nyuma ya ukuta, na msichana mmoja wa mapokezi mwenye daftari na simu. Wanaolala humo ni wafanyabiashara wanaopita kwenda Beni na Kasindi, wafanyakazi wa mashirika, wagonjwa waliokuja kutafuta daktari, na tangu miaka hii ya vita, familia zilizohama makwao ambazo hazikupata ndugu wa kuwapokea usiku wa kwanza.

Kwenye moja ya nyumba hizo, yenye vyumba tisa, kila mgeni aliyerudisha ufunguo alikuwa anapata meseji kwenye simu yake kabla ya jua kuzama. Mwenye nyumba, mama wa miaka hamsini na kitu, aliipata kwa kijana mmoja aliyemtengenezea kompyuta. Ilisema hivi:

"Mpendwa mteja, tunakushukuru kwa kuchagua nyumba yetu. Tunatumaini ulifurahia huduma zetu bora. Maoni yako ni muhimu sana kwetu. Karibu tena!"

Meseji hiyo haina neno baya. Lakini kwa muda wa mwaka mzima, majibu yaliyorudi yalikuwa ya aina mbili tu: "Ok asante", ama kimya. Mama mwenye nyumba alidhani kimya ni dalili ya kwamba kila kitu ni sawa. Hakujua kwamba maji ya kuoga asubuhi yalikuwa yanafika yamepoa, wala kwamba mlango wa chumba namba sita ulikuwa haufungiki vizuri kwa ndani. Wageni walijua. Waliyasema kwenye gari, njiani, wakiambiana walale wapi safari nyingine.

Jibu la kwanza lenye maneno mengi lilikuja mwaka 2024, baada ya Kanyabayonga kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi wa sita, wakati watu wengi wa Kanyabayonga na Kirumba walipokimbilia upande wa Lubero na Butembo. Mama mmoja mhami alikuwa amelala hapo na watoto wanne kwa siku tatu, akilipa kwa pesa alizozifunga kwenye kitenge. Siku ya nne alipata nafasi kwa familia moja iliyomkubali. Jioni simu yake ililia, na meseji ikasema "Karibu tena". Akajibu: "Mama, Mungu apishe mbali. Sitaki kurudi hapo, nataka kurudi kwangu."

Msichana wa mapokezi alimwonyesha mwenye nyumba. Kwanza walidhani yule mama amekasirika. Walipompigia simu waliona hana hasira yoyote. Alisema kwamba walimpokea vizuri, watoto walipewa uji bila kulipa, na hatasahau. Ni lile neno tu. Kwa mfanyabiashara wa vitenge, "karibu tena" ni kumtakia biashara nzuri. Kwa mtu aliyekimbia risasi, ni sawa na kumtakia akimbie tena.

Kuanzia siku hiyo, wanawake hao wawili walianza kuiandika upya meseji yao. Namna walivyofanya inafaa kuelezwa, kwa sababu kuna watu wengi wanaopokea wageni hapa kwetu, na wengi wanatumia meseji ya namna ileile.

Jambo la kwanza walilogundua ni kwamba swali lao halikuwa swali. "Maoni yako ni muhimu" haiulizi kitu. Mtu aliye juu ya motari, mzigo mgongoni, hawezi kuanza kufikiri atoe maoni gani. Na hata wangemwuliza "Je, ulifurahi?", angejibu ndiyo. Kwetu, mtu aliyelala kwako na kula kwako hawezi kukuambia usoni kwamba hakufurahi. Hiyo ni heshima, wala si uongo. Kwa hiyo swali linaloomba sifa litapata sifa, na mwenye nyumba hatajifunza lolote.

Swali linalopata jibu ni lile linalouliza jambo moja lililotokea, na ambalo mtu anaweza kulijibu bila kumhukumu mwenyeji. Kwa mfano, mama mmoja anayeuza viatu alitoka saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari. Msichana wa mapokezi alijua saa hiyo, kwa sababu ndiye aliyemfungulia lango. Akamwandikia:

"Mama, asante kwa siku mbili ulizolala kwetu. Asubuhi ulioga maji ya moto, ao yalikuwa yamepoa? Nijibu hata neno moja. Ni mimi wa mapokezi."

Jibu lilikuja kabla ya saa sita mchana: "Yalipoa, lakini si kitu." Neno "lakini si kitu" ni heshima. Neno "yalipoa" ndilo habari. Walipofuatilia, waliona kwamba kijana wa jikoni alikuwa anachemsha maji saa kumi, anayagawa kwenye ndoo zote kwa pamoja, halafu ndoo zinangoja mlangoni bila kifuniko. Mgeni wa chumba cha kwanza alioga vizuri. Wa chumba cha tisa alioga maji ya baridi. Walinunua vifuniko, na kijana akaambiwa agonge mlango kwanza, amwage maji baadaye. Hakuna aliyefukuzwa kazi wala kukemewa mbele ya watu.

Tazameni jinsi meseji hiyo ilivyojengwa. Inaanza na jina la heshima ambalo mgeni mwenyewe alikuwa anaitwa nalo pale nyumbani. Inataja kitu kimoja cha kweli cha safari yake, yaani siku mbili na asubuhi yake, na kwa hiyo haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine. Inauliza jambo moja tu. Inamruhusu ajibu kwa neno moja. Na mwisho inasema nani anaandika, kwa sababu mtu hujibu mtu, hajibu hoteli.

Juu ya jina, walijifunza kwa shida kidogo. Mwanzoni walikuwa wananakili majina kutoka kwenye fishi ya kuingia, yote matatu, kama yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura. Mgeni mmoja aliposoma majina yake yote kwa herufi kubwa alidhani ni mashtaka. Kiisha wakajaribu kutumia jina moja tu, la kwanza kwenye fishi. Hapo pia kukawa na tatizo ambalo kila Mnande analijua: majina yetu mengi yanafuata mpangilio wa kuzaliwa. Ukiandika "Habari Kambale", umemsalimia kila mtoto wa pili wa kiume katika muji mzima. Simu ikiwa ya watu wawili ndani ya nyumba moja, wanaweza kuulizana ni Kambale yupi. Siku hizi msichana wa mapokezi anauliza mgeni anapoingia: "Tukuite nani?" Mmoja atasema Papa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwingine atasema Mwalimu. Mwingine atasema Mama tu, inatosha. Anaandika hilo jina pembeni mwa daftari kwa penseli.

Jambo la pili ni saa ya kuuliza. Nyumba nyingi zinauliza mlangoni, wakati mgeni anarudisha ufunguo. Inaonekana ni vizuri, kwa sababu mko uso kwa uso. Lakini kwenye nyumba hiyo, saa ile ile, kadi ya mpiga kura ya mgeni ilikuwa bado kwenye droo ya mapokezi, na mara nyingi pia kulikuwa na franka zake za kurudishiwa. Nani atasema shuka lilikuwa na madoa wakati kadi yake iko mkononi mwako? Hasa mhami, ambaye bila kadi hawezi kupita barieri wala kuandikishwa kwenye orodha ya msaada. Huyo atasema kila kitu ni kizuri, na atashukuru mara tatu.

Kwa hiyo walibadilisha mpangilio. Kwanza kadi inarudishwa. Pili pesa inahesabiwa mbele ya mgeni na kukabidhiwa. Ndipo asante inatolewa kwa mdomo, fupi, bila swali lolote: "Asante Papa, safari njema." Swali linakuja kesho yake, kwa simu, wakati mgeni amefika na amepumzika. Wanasubiri kesho kwa sababu barabara zetu hazina saa. Kutoka hapa kwenda Beni ni kilomita zaidi ya hamsini, lakini mvua ikinyesha ao kukiwa na habari mbaya njiani, mtu anaweza kufika usiku. Meseji ya kuuliza juu ya maji ya kuoga ikimkuta porini, gari limekwama, haitamfurahisha.

Jambo la tatu ni simu yenyewe. Wageni wengi wa nyumba hiyo hawana intaneti kila siku, kwa hiyo meseji ya kawaida ndiyo inafika. Meseji moja ya kawaida inabeba alama 160, ukihesabu herufi, nafasi na nukta. Ile ya maji ya moto ina 138, kwa hiyo inalipiwa kama moja. Lakini kuna mtego. Msichana wa mapokezi aliona kwamba yunite zilikuwa zinaisha haraka siku alizokuwa anaweka picha ndogo ya mikono inayoshukuru. Picha ile moja inatosha kuifanya simu ihesabu kwa njia nyingine, na meseji moja kubeba alama 70 tu. Maneno yaleyale yanalipiwa kama meseji mbili ao tatu. Ritufaa iliyopinda, ile inayotoka kwenye kompyuta unaponakili neno kama ng'ombe, inafanya vilevile. Ndiyo maana sasa anaandika kwa mkono wake kwenye simu, na anaacha picha kwa wale wanaotumia Watsapu.

Upande wa mgeni pia kuna gharama. Kujibu kunataka yunite, na mtu hatanunua yunite ili akuambie mto ulikuwa mgumu. Kwa hiyo kwa wale ambao hawana uwezo wanaongeza maneno machache: "Ukikosa yunite, bipu, nitakupigia." Kila mtu hapa anajua kubipu. Na mtu anapopigiwa, anasema mambo mengi zaidi ya yale ambayo angeyaandika. Habari ya mlango wa chumba namba sita ilikuja hivyo. Mwanamke mmoja aliyelala peke yake alibipu, akapigiwa, akasema maji yalikuwa sawa. Kiisha, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, akasema kwamba usiku kucha alikuwa ameegemeza kiti mlangoni. Kitasa kilibadilishwa siku ileile. Hakuna aliyekuwa ameuliza juu ya mlango, lakini alipopigiwa na mtu aliyemjua sauti, akaona anaweza kusema.

Jambo la nne ndilo zito zaidi, na linahusu familia zilizohama. Meseji ya shukrani ni karatasi ndogo inayobaki kwenye simu ya mtu. Inaweza kusomwa na yeyote anayeshika simu hiyo. Kwenye barieri, simu inaweza kukaguliwa. Nyumbani, simu moja inaweza kuwa ya watu watano. Kwa hiyo meseji inayosema "asante kwa kulala kwetu na watoto baada ya kutoka Kirumba, tunawatakia mwanzo mwema huko muendako" inaonekana ya upendo, lakini imemwambia mtu asiyejulikana mahali ulipotoka, uko na nani na unaelekea wapi. Hata bila vita, kuna mwanamke aliyelala kwenye nyumba ya wageni kwa sababu alikimbia kipigo nyumbani kwake. Meseji yenye maneno "siku mbili ulizolala kwetu" ikisomwa na mume inaweza kumrudishia kipigo hicho.

Kwa hiyo wanauliza wakati wa kuingia, si wakati wa kutoka: "Tunaweza kukuandikia kwenye namba hii ukishaondoka, ao tuache?" Mgeni akisema acheni, wanaweka msalaba kwenye daftari na hawaandiki kabisa, hata asante. Hawamwulizi sababu. Namba wanayoandika kwenye fishi inabaki kwenye fishi. Akikubali lakini simu ni ya jirani ao ya shemeji, wanaondoa kila kitu kinachosema mahali. Meseji inabaki hivi:

"Mama, asante kwa yote. Kama kuna kitu kiliwasumbua usiku, niambie ili mwingine asisumbuke. Ukikosa yunite, bipu. Ni mimi wa mapokezi."

Hakuna jina la nyumba, hakuna siku, hakuna mtaa, na hakuna "karibu tena". Inaweza kuonekana baridi kuliko ya kwanza. Lakini yule anayeipata anajua ni nani anamwandikia, na anayeisoma kwa wizi hajui. Maneno "ili mwingine asisumbuke" yaliwekwa baada ya mzee mmoja kusema kwamba yeye hapendi kulalamika, lakini kama ni kwa faida ya watakaokuja nyuma yake, atasema. Wahami wengi wanaona aibu kulalamika mahali walipopewa uji wa bure. Wakiambiwa kwamba neno lao litamsaidia mwenzao aliye njiani, aibu inapungua.

Kuna pia wale ambao hawana simu kabisa. Kwa hao, msichana wa mapokezi anawasindikiza hadi kwenye lango, kadi yao ikiwa tayari mfukoni mwao, na anauliza swali lilelile kwa sauti ndogo, mwenye nyumba akiwa mbali. Na kuna wageni ambao hawapewi swali lolote. Mtu aliyekuja na mgonjwa, na mgonjwa akafariki, haulizwi juu ya maji ya kuoga. Anapewa pole, na basi. Meseji iliyotayarishwa mbele ya wakati haijui nani amefiwa. Mtu wa mapokezi anajua, kwa hiyo kabla ya kutuma chochote anasoma kwanza daftari lake la jana.

Yote hayo hayana maana kama jibu linaanguka kwenye shimo. Nyumba hiyo ina daftari lingine, la kurasa mia moja, lenye mistari mitatu: tarehe, neno la mgeni kama alivyolisema, na kilichofanywa. Mstari wa tatu ndio mgumu. Ukiwa mtupu kwa wiki, mwenye nyumba anauliza. Wakati mwingine jibu ni kwamba haiwezekani: mgeni mmoja alitaka umeme usiku kucha, na mafuta ya jenereta hayaruhusu. Hilo nalo linaandikwa, na mgeni anaambiwa ukweli: "Papa, tunazima saa nne juu ya bei ya mafuta. Tumeweka taa ndogo ya jua chumbani." Kuambiwa hapana kwa sababu inayoeleweka ni bora kuliko kuambiwa "tutashughulikia" na kukuta giza lilelile.

Mgeni anayesema jambo baya anajibiwa siku ileile, kwa maneno machache, bila kujitetea. Msichana wa mapokezi alikuwa na tabia ya kujibu "lakini wageni wengine hawakusema hivyo". Mwenye nyumba alimkataza. Ukimjibu mtu hivyo mara moja, hatakuambia tena kitu. Na kama mgeni anasema ameibiwa, ao kuna mfanyakazi aliyemsumbua kwa namna mbaya, mambo hayo hayamalizwi kwa meseji. Mwenye nyumba mwenyewe anapiga simu, anasikiliza, na hamwombi mgeni anyamaze.

Wanawake hao hawasemi kwamba kila mtu anajibu sasa. Wengi bado wananyamaza, na hawatumi meseji ya pili ya kukumbusha, kwa sababu mtu aliyenyamaza naye amejibu kwa namna yake. Lakini daftari la mistari mitatu limefika zaidi ya nusu, na maneno yaliyomo ni ya watu: shuka fupi, panya juu ya dari, mbwa wa jirani, chai ina sukari nyingi, asante kwa dawa ya mtoto.

Yule mama aliyekataa "karibu tena" bado yuko Butembo, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mara moja moja anapita kwenye lango na watoto kusalimia. Msichana wa mapokezi alimwuliza siku moja: angetaka wamwandikie neno gani siku ile? Alifikiri kidogo, akasema: "Mngeandika tu, 'Mama, watoto walilala?' Ningewajibu ndiyo, walilala."